Sungura Aliyeambiwa Aombe Msamaha

Tangu nirudi, kila anayenikuta sokoni ananiuliza Uganda kulikwendaje, na kila mara namweleza kipande tu, ama mvua ama chakula, kisha nachoka. Jirani yangu Bi. Rehema amesema nikae chini niandike yote kwa mpangilio, msome wenyewe mniache. Haya, someni.

Tanga hadi Busia

Mnajua nilitumwa kwa nini. Wachapishaji wanaoniajiri kuhariri vitabu vya shule walitaka kitabu cha hadithi za sungura kutoka nchi zetu jirani. Ni wazo zuri, ila waliunda kamati, na kamati ikapata hofu. Ikasema sungura ni mwizi, mwongo na mlafi, mtoto akimsoma ataharibika. Ikaamua kwamba kila hadithi imalizike sungura akiomba msamaha. Ili uamuzi huo usimamiwe vizuri, nikapewa mwenzangu wa safari, Dakta Fanuel, mshauri wa maadili katika vitabu vya watoto.

Dakta Fanuel ni mtu msafi. Hilo ndilo jema la kwanza ninaloweza kusema juu yake, na la pili silikumbuki. Alisafiri na mto wake wa shingo, dawa ya kuulia vijidudu mikononi, kinasa sauti, na faili la plastiki lenye fomu aliyoibuni mwenyewe. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: Kosa la Mhusika, Majuto ya Mhusika, Funzo. Njia nzima hadi Nairobi alinieleza visanduku hivyo. Baada ya Nairobi alinieleza upya, maana alidhani nilisinzia. Kweli nilisinzia.

Busia tulifika jua limeshapanda, tukasimama kwenye foleni ya mpaka saa tatu nzima kwa sababu mtandao ulikuwa umelala. Mama mmoja mbele yetu aliuza maandazi yake yote kwa watu wa foleni, na foleni iliposogea akawa hana haja tena ya kuvuka. Alikunja kitambaa chake akarudi nyumbani. Nikamwonyesha Dakta.

"Huyo ndiye sungura," nikamwambia.

"Kosa lake nini?" akauliza, na mkono wake ukaelekea kwenye faili.

Busia hadi Jinja

Tulipita Bugiri na Iganga bila kisa, isipokuwa ndizi za kuchoma zilizonikosanisha na Dakta, maana yeye alizipangusa kwa dawa yake ya mikono kabla ya kuzila, kisha akalalamika kuwa ndizi za Uganda ni chungu.

Kisa kilikuwa Jinja yenyewe. Nyumba yetu ya wageni ilikuwa Mpumudde, karibu na shule ya msingi. Tukachukua pikipiki mbili. Mwenye pikipiki yangu, kijana wa Kiislamu aitwaye Swaibu, alinisikiliza nikimwelekeza kwa Kiswahili changu cha Tanga, akakaa wima, akasema, "Ndiyo, afande," akaondoka kwa heshima kubwa, mwenzake akimfuata. Hatukufika Mpumudde. Tulifika Kimaka, mbele ya lango la chuo cha wanajeshi, na askari wa lango akanipigia saluti.

"Mbona umenileta hapa?" nikamuuliza Swaibu.

"Wewe naongea Swahili ya juu sana," akasema. "Mimi nasema, huyu ni mkubwa wao."

Askari alicheka mpaka akaegemea lango. Swaibu akanieleza njiani tukirudi kwamba kwa wazee wake Kiswahili ni lugha ya mtu mwenye bunduki. Walikisikia zaidi miaka ya utawala wa jeshi, na walikisikia mlangoni. "Mtu alikuwa nasema 'fungua', unafungua. Ukisikia neno nzuri, hiyo hapana Swahili." Aliyasema haya bila chuki. Mimi niliyekulia katika lugha hii, nikabembelezwa kwayo na kuozwa kwayo, nilimshukuru kwa Kiingereza tulipofika Mpumudde.

Jinja, siku mbili za chai

Tulichoendea Jinja ni warsha ya walimu. Siku mbili, chai mara nne, chapati iliyoviringishiwa mayai, ambayo ndiyo kitu bora kilichotolewa pale ndani. Dakta Fanuel alisimama mbele akaeleza kwamba mhusika mjanja ni mabaki ya nyakati ambapo watu hawakuwa na maadili, na kwamba jukumu letu ni kumsafisha.

Walimu waliandika. Walimu wa warsha huandika kila kitu. Kisha mwalimu mmoja wa makamo kutoka Buwenge, Mwalimu Isabirye, akanyoosha mkono.

"Bwana Dakta, mimi nauliza kitu kidogo tu. Sungura ameshikwa na simba. Sasa anasema, 'Samahani, mimi nilikosea.' Simba anafanya nini?"

"Anamsamehe," akasema Dakta.

Mwalimu Isabirye alifikiri. "Kwetu Buwenge," akasema, "sungura akisema samahani, analiwa."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Dakta alingoja kiishe, akasema hayo ni mawazo ya kukatisha tamaa, akafungua ukurasa uliofuata. Nikawatazama wale walimu wakiinama tena kuandika, na nikajua kwamba watajaza fomu zote kama walivyoagizwa, na kwamba darasani hakuna hata mmoja atakayemfanya sungura aombe radhi. Walitujazia visanduku hivi: Kosa, wizi. Majuto, makubwa. Funzo, wizi ni mbaya. Dakta alifurahi mno. Aliniambia Wasoga, wenyeji wa pale, ni watu wepesi kuelewa.

Jinja hadi Mbale, kwa njia ya Tirinyi

Tuliambiwa kwamba Mbale yuko mwanamke mstaafu wa magereza ajuaye hadithi za sungura kuliko mtu yeyote, na kwa Kiswahili pia. Tukaondoka asubuhi. Baada ya Namutumba basi likatoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa, likasimama kando ya mashamba ya mpunga. Dereva akaingia chini yake na hakutoka kwa muda mrefu. Sisi tukakaa kwenye ukingo wa barabara, na hapo ndipo mimi na Dakta tulipogombana sawasawa.

Alianza yeye. Alisema mjanja ameenea duniani kwa sababu wafanyabiashara walimbeba kama walivyobeba surua.

Nikamwambia ni kweli kiasi. Sungura wetu wa Afrika na buibui wa Ghana walivuka Atlantiki midomoni mwa watumwa, na wakaendelea kuishi kule mashambani, maana mtumwa asiyeweza kumjibu bwana wake aliweza kumsimulia mnyama mdogo aliyemjibu mnyama mkubwa. "Lakini nani alimbeba kunguru wa watu wa kaskazini ya mbali, yule aliyeiba mwanga sandukuni kwa mzee bahili? Nani alimbeba yule mbweha wa mbuga za Amerika? Hao walikuwako kabla ya merikebu yoyote ya mtumwa."

"Basi binadamu wote wana asili ya dhambi," akasema.

"Binadamu wote wana tumbo," nikamwambia. "Wana tumbo, wana sheria, na wana mkubwa anayelinda ghala. Penye hayo matatu atazaliwa mdogo mwenye mdomo. Haihitaji mtu kumleta."

Nilikuwa nimechomwa na jua na nilikuwa na njaa, kwa hiyo sikuishia hapo. Nilimweleza kwamba mjanja hukaa mpakani, njia panda, sokoni, mlangoni. Kwamba katika mataifa mengi ndiye tarishi kati ya mbingu na watu, na ujumbe ukiharibika njiani, kifo huja duniani, kama ilivyo kwa wale wa kusini wasemao sungura aliukosea ujumbe wa mwezi. Kwamba mara nyingi huwaletea watu kitu kikubwa, moto au mwanga au hadithi zenyewe, na aghalabu hakukusudia wema, alikuwa anajitafutia yeye. Kwamba kwa kuvunja sheria huionyesha: mtoto hajui kuwa kuna ukuta mpaka amwone mtu anaupanda. Na kwamba hashindi siku zote. Ulafi wake ndio mtego wake. Akitoka kumdanganya tembo, anadanganywa na kobe, aliye mdogo kuliko yeye, ili pasiwe na mtu wa kusema mjanja ndiye mfalme mpya.

"Kwa hiyo ni shetani," akasema Dakta.

Nikamwambia kosa hilo lilishafanywa. Wayoruba wana mungu wa njia panda, mchokozi, mla sadaka, mbeba ujumbe. Wafasiri wa Biblia walipotafuta neno la shetani wakachukua jina lake. Shetani anataka watu wapotee. Mjanja anataka chakula cha mchana.

Akaniuliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, kama wataalamu wote wanakubaliana na mimi. Ikanibidi niseme ukweli: hawakubaliani. Wako wanaosema kumfunga sungura, kunguru na mungu wa njia panda katika kamba moja na kuwaita jina moja ni uvivu wetu sisi wasomi, kwa sababu yule mungu anaabudiwa na sungura haabudiwi na mtu.

"Ah," akasema Dakta Fanuel, akaandika kitu. Ndilo neno pekee katika yote niliyosema aliloliandika.

Dereva alitoka chini ya basi saa sita mchana.

Mbale

Mbale ipo miguuni mwa mlima, na mchana ule mlima ulikuwa umejifunika mawingu kama mtu asiyetaka wageni. Tulipokewa na Hajati Zaituni, mfanyabiashara wa kahawa, ambaye Kiswahili chake ni kizuri na Kimasaba, lugha ya mlima ule, ni chake cha kuzaliwa. Uani kwake wanawake kama kumi walikuwa wamekaa na nyungo wakichambua kahawa, mbovu huku, nzima huku. Alitupa wali na malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa moshini kisha kupikwa kwa karanga. Dakta alidhani ni nyama ya mnyama asiyemjua, akaisukuma pembeni. Nikala ya kwangu na ya kwake.

Afande Nambozo alikuja kwa miguu. Ni mwanamke mrefu, anachechemea mguu wa kushoto, na anasalimia kama mtu anayepokea zamu. Alikuwa sajini katika magereza, amestaafu zamani kidogo, lakini Mbale nzima bado inamwita afande.

"Nyinyi nataka ya sungura," akasema. "Ya mchana ama ya jioni?"

Nikafungua daftari langu, nikamwambia nilidhani hadithi hazisimuliwi mchana.

"Nyumbani, hapana. Lakini gereza hakuna jioni. Jua likiwa bado juu, watu wanafungiwa. Kwa hiyo wafungwa walikuwa nasema hadithi mchana, kwa shamba, wakilima. Mimi nimesimama hapo na fimbo."

Kisha akasimulia. Nawaandikia kwa maneno yangu, maana ya kwake yalikuwa nusu miguu na nusu macho.

Simba alimfunga sungura kwa wizi wa njugu, akamweka fisi awe mlinzi. Fisi hakujua kuhesabu ila masikio. Asubuhi akachungulia tundu la mlango, akaona masikio mawili. "Wafungwa wawili," akasema, na sungura akasema, "Umehesabu vizuri, afande, basi leta chakula cha wawili." Fisi akaleta, siku nyingi, na sungura akanenepa. Siku moja sungura akalaza sikio moja. Fisi akachungulia, akaona moja, jasho likamtoka. "Mmoja ametoroka!" Sungura akalia kwa uchungu: "Simba akijua, atamla nani? Mimi nipo hapa, nimehesabiwa. Atakula wewe. Nitoe nikamtafute, mimi namjua sura." Fisi akamfungulia. Akampa na kofia yake, ili watu wamtii.

Sungura alipaswa kukimbia. Lakini kofia ilikuwa kichwani, na tumbo lilishazoea chakula cha wawili. Akaenda kwa kobe, akadai chakula kwa amri ya serikali. Kobe akapiga saluti. "Afande, nimepata taarifa ya mfungwa aliyetoroka mwenye sikio moja. Nawe chini ya kofia naona mawili. Kwa hiyo wametoroka wawili." Akambana mguu chini ya gamba lake, akamshika hadi simba alipokuja.

"Basi," akasema Afande. Wanawake wakacheka juu ya nyungo zao.

Dakta Fanuel hakucheka. Alisema ni hadithi nzuri sana, imebaki mwisho tu. Sungura akiletwa mbele ya simba, aombe msamaha, na simba amsamehe. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Akaongeza kuwa bila hivyo kamati haitaipokea.

Nilitaka kusema kitu, Afande akaniwahi. Alisimama, akanyoosha mgongo, visigino vikagusana.

"Ndiyo, bwana. Tutafanya hivyo. Washa kinasa."

Akaisimulia upya. Ilipofika mwisho, sungura alipiga magoti, akalia, akasema amejuta, hatarudia, na simba akamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu." Katika kila tendo la majuto wanawake wale walijibu kwa wimbo mfupi wa Kimasaba wenye mistari miwili, kwa sauti tamu ya kanisani, macho yakiwa kwenye kahawa. Dakta alifumba macho. Alisema wimbo ule ubaki kitabuni kama ulivyo, unaleta ladha ya mahali.

Alipokwenda kupumzika, nikamuuliza Hajati Zaituni mstari wa kwanza una maana gani. Alijifunika mdomo kwa mtandio.

"Mwongo huyo, mwongo huyo, hesabuni masikio yake."

Nilicheka hadi machozi, nikamfuata Afande aliyekuwa anavaa viatu mlangoni. Nikamwambia nimeelewa.

"Wewe mwalimu," akasema, "nataka kujua kitu kingine? Huyo fisi, wafungwa walikuwa wanamfanya anachechemea. Mguu wa kushoto."

Macho yangu yakaenda kwenye kiatu chake cha kushoto.

"Siku ya kwanza nimesikia, nimecheka. Siku ya pili nimecheka. Siku ya tatu naona wanatazama mguu yangu. Sasa nifanye nini? Nikiwapiga, nimesema kwa mdomo yangu kwamba fisi ni mimi. Na wao watasema, 'Afande, hii ni mnyama tu.' Watakuwa na haki."

"Ulifanya nini?"

"Wakati ule tulikuwa nahesabu watu mara mbili, wamechuchumaa kwa jua, saa nzima. Mimi nilikuwa napenda hiyo. Niliacha. Nimehesabu mara moja tu, kwa kivuli." Alifunga kamba ya kiatu. "Mtu angekuja kuniambia, 'Afande, wewe ni mbaya,' ningemtia ndani. Sungura hapana shikika."

Nimesoma mengi juu ya viumbe hawa, na mengine niliyaandika mimi mwenyewe. Sijakutana na maelezo yaliyo mafupi kuliko hayo wala yaliyonigusa kama hayo. Nilimuuliza tu kama nimwambie Dakta maana ya wimbo.

"Akiuliza, mwambie," akasema. "Hapana danganya mtu. Lakini aulize."

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa ya siku mbili, na katika siku mbili hizo Dakta Fanuel alinieleza jinsi alivyomgusa yule askari mstaafu. Alisema ameona machozi machoni mwake. Hakuuliza maana ya wimbo tukitoka Mbale, hakuuliza mpakani Busia tulipokaa tena kwenye foleni, hakuuliza Nairobi. Kila tulipotua nilimtazama nikingoja, mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

Kamati iliipitisha hadithi kwa sifa. Waliiita mfano wa kuigwa. Nilicheka peke yangu ofisini, na nawaambieni wazi, nilijisikia vizuri sana. Nilijihisi mimi ndiye mtu pekee mwenye macho kati ya vipofu.

Kurasa za mwisho zilipokuja kwa uhakiki, nilimpigia Hajati Zaituni anisomee tahajia ya wimbo, neno kwa neno. Mstari wa kwanza ukapita. Kwenye mstari wa pili alisita.

"Huu uko sawa?" nikamuuliza.

"Uko sawa." Nikasikia anajizuia. "Bi. Mwanaidi, hukuwahi kuniuliza maana yake."

Nilimwambia nilidhani ni marudio ya ule wa kwanza.

"Si marudio. Unasema, 'Na yule wa daftari anajua yote, mpeni naye kofia.'"

Nikakumbuka uani pale. Dakta alikuwa na kinasa. Mwenye daftari nilikuwa mimi, nimekaa mbele kabisa, natikisa kichwa kila sungura anaposema neno kama mtu anayemsahihisha. Walikuwa wamenisoma tangu nilipomwambia Afande kwamba hadithi hazisimuliwi mchana.

Hajati aliniuliza kama tuuondoe. Uso uliniwaka, hapa hapa Tanga, hakuna wa kuniona. Kisha nikamwambia aendelee na neno linalofuata.